Warfarini, apiksabani au aspirini kwa mwenye presha: ipi kwa mgonjwa wa Lamu?

Tumchukue mzee mmoja wa Langoni, mjini Lamu. Nimemuunda kutokana na wagonjwa wengi wa aina yake, kwa hiyo asijitafute mtu humu. Ana miaka 71, uzito wake kilo 62, na ujana wake wote aliumalizia kwenye majahazi. Moyo wake hupiga bila mpangilio, na kwa sababu hiyo damu hutulia kwenye kona ya chumba cha juu cha moyo, ikaganda, na kipande kikiponyoka kinaweza kupanda hadi ubongoni na kumpoozesha. Ndiyo maana anameza warfarini. Pia ana presha. Anatumia amlodipini ya miligramu 5, tembe moja kwa siku, na bado mashine inasoma 168 kwa 94.

Nyumbani kuna kauli tatu. Kijana wake aliye Mombasa anataka mzee ahamie kwenye tembe mpya, apiksabani, kwa sababu amesikia hazihitaji kupimwa damu kila mara. Binti anayekaa naye anaona aspirini ndogo ingetosha: "Baba, si hata jirani yetu anatumia hiyo hiyo, na hajapata neno?" Mzee mwenyewe angependa kuacha zote, maana alisikia kwamba dawa hizi zilimpasua mtu mshipa wa kichwa kule Shela.

Nikiwa nyuma ya kaunta ya dawa hapa Malindi, familia za namna hii huniuliza tembe gani ni bora. Nitalinganisha tembe hizo. Ila ulinganisho wa tembe peke yake hauna maana mpaka ile 168 iwekwe mezani pamoja nazo, kwa sababu katika nyumba hii hatari kubwa zaidi inatoka kwenye presha, na dawa ya kuzuia damu kuganda inafuata nyuma yake.

Mshipa hupasuliwa na presha. Dawa huzuia ufa usizibike

Ndani kabisa ya ubongo kuna mishipa midogo sana, myembamba kuliko uzi wa kushonea, inayochomoza moja kwa moja kutoka kwenye mishipa mikubwa. Kwingineko mwilini mshipa hugawanyika hatua kwa hatua, na nguvu ya damu inapungua kila unapogawanyika. Hii ya ubongoni haina bahati hiyo. Ni kama nyumba iliyounganishwa kwenye bomba kuu la mtaa bila valvu ya kupunguza nguvu: pampu ikisukuma kupita kiasi, kiungio chembamba ndicho kinachoanza kulia.

Presha ikikaa juu kwa miaka, misuli ya kuta za mishipa hiyo hufa kidogo kidogo, na mahali pake panajaa nyuzi ngumu zisizonyumbuka. Mahali pengine ukuta hutuna na kufanya kijipu kidogo. Mwaka 1868 madaktari wawili wa Paris, Charcot na Bouchard, walivieleza vijipu hivyo kwenye bongo za watu waliokufa kwa damu kuvuja kichwani. Wataalamu wa leo wanabishana kama vijipu vyenyewe ndivyo vinavyopasuka au ukuta uliochakaa kando yake. Kwamba presha ndiyo iliyouchakaza ukuta, hilo halibishaniwi.

Sasa weka dawa hapo. Warfarini haitoboi mshipa, wala apiksabani, wala aspirini. Mtu asiye na dawa anaweza kupata ufa mdogo, damu ikaganda palepale, na asijue kamwe; picha za ubongo za wazee wenye presha mara nyingi huonyesha madoa ya uvujaji mdogo wa zamani ambao haukuwahi kuwaumiza kichwa. Mwenye kutumia dawa akipata ufa ule ule, damu haigandi upesi. Inaendelea kutoka, bonge linakua, linasukuma na kuchana mishipa mingine iliyo karibu, nayo inaongeza damu yake. Kwa mtu wa warfarini bonge hilo linaweza kuendelea kukua kwa saa nyingi, hata siku nzima, na ukubwa wa bonge ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa nani atapona.

Kwa hiyo mambo mawili yanazidishana: presha inaongeza idadi ya nyufa, na dawa inaongeza damu inayotoka kwenye kila ufa. Ukiweza kupunguza nyufa, ile sehemu ya pili inakosa mahali pa kufanyia kazi.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa wa warfarini hawaambiwi vya kutosha. Wao hupimwa INR, kipimo kinachoonyesha damu imechelewa kuganda kwa kiasi gani, na kwa mzee kama huyu inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikipita 4 hatari ya kuvuja ubongoni inapanda kwa kasi. Lakini wengi wa wanaovuja damu ubongoni wakiwa kwenye warfarini, INR yao siku ile huwa ndani ya kiwango au imezidi kidogo tu. Mtu anaweza kurudi nyumbani na karatasi ya maabara inayosema 2.5, akashangilia, na huku 168 ikiendelea na kazi yake ndani ya kichwa.

Aspirini kwanza, maana inapotosha wengi

Naianza hii kwa sababu ndiyo ya bei ndogo na ndiyo inayodhaniwa kuwa ya upole.

Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 5,599 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambao madaktari wao waliona hawafai kupewa warfarini. Nusu walipewa apiksabani, nusu aspirini. Katika kundi la aspirini watu kama 37 kati ya kila 1,000 walipata kiharusi kwa mwaka au bonge la damu kwenye kiungo kingine. Katika kundi la apiksabani ni 16. Na kuvuja damu ubongoni? Katika kundi zima la aspirini ni watu 13 tu, na katika kundi zima la apiksabani 11. Yaani waliotumia aspirini hawakukwepa damu kichwani, na kinga dhidi ya bonge waliikosa.

Yule jirani anayeitumia huenda ana sababu yake, kwa mfano amewahi kupata shambulio la moyo, na kwake aspirini ina kazi. Kwa bonge linalotoka kwenye moyo unaopiga ovyo, haina nguvu ya kutosha. Binti nikamwambia hivyo, na nadhani hapo aspirini iondoke kwenye mjadala.

Hatari zaidi ni wale wanaoichanganya. Mtu anameza warfarini aliyoandikiwa, kisha anajiongezea aspirini "kusaidia". Hapo umefunga njia mbili tofauti za mwili kuziba jeraha, na presha iko pale pale. Bila daktari wa moyo kusema kwa sababu maalumu, mchanganyiko huo usifanywe nyumbani.

Warfarini na apiksabani kwa mtu wa visiwani

Warfarini ilianza kutolewa kwa wanadamu mwaka 1954, na bado inafaa. Shida yake kwa mtu wa Lamu iko kwenye safari zaidi kuliko kwenye tembe. INR lazima ipimwe: mara kwa mara mwanzoni, kisha ikitulia kama mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo. Mtu wa Faza au Kizingitini anapanda boti kuja Lamu mjini. Kusi likivuma, bahari ikachafuka, safari inaahirishwa wiki hii na ijayo, na INR haijui kama kuna upepo. Inapanda na kushuka yenyewe.

Inapandishwa na nini? Kwa kawaida na dawa nyingine. Mgonjwa anapata homa ya mkojo, anapewa septrini. Au tumbo linamsumbua, ananunua flajili. Au ana fangasi, anapewa flukonazoli. Zote tatu huzuia mwili kuivunja warfarini, na ndani ya siku chache INR inaweza kutoka 2.4 hadi zaidi ya 4. Inashushwa na rifampisini ya kifua kikuu, na pia na mabadiliko ya ghafla ya mboga za majani. Hapa niseme wazi kwa sababu kila mtu huambiwa vibaya: mchicha, kisamvu na sukuma wiki havikatazwi. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, ili kipimo cha dawa kiendane na chakula.

Apiksabani haibadilishwi na mboga, na haina INR ya kufuatilia. Kipimo chake ni kimoja: miligramu 5 asubuhi na miligramu 5 jioni. Hupunguzwa kuwa 2.5 mara mbili pale tu mgonjwa anapokuwa na mawili kati ya haya matatu: miaka 80 na zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, na kreatinini ya damu, kipimo cha kazi ya figo, ya mikromoli 133 kwa lita na zaidi. Mzee wetu ana miaka 71, kilo 62, na kreatinini yake ni 98. Hana hata moja, kwa hiyo ni 5 mara mbili. Nalitaja kwa sababu naona sana kipimo kikipunguzwa kwa huruma, "ni mzee, tumpe kidogo", na matokeo yake ni kinga pungufu dhidi ya bonge.

Kuhusu ubongo wenyewe, tofauti ni kubwa. Katika utafiti mwingine wa 2011, wa watu zaidi ya 18,000, waliovuja damu ndani ya fuvu walikuwa takriban 8 kati ya kila 1,000 kwa mwaka kwa warfarini, na 3 kwa apiksabani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: ubongo hujilinda kwa kianzishi cha kuganda kinachohitaji protini ya kugandisha damu inayoitwa ya saba. Warfarini hushusha protini hiyo pamoja na nyingine. Apiksabani hugusa hatua moja tu mbele yake, na ile ya saba inabaki kazini.

| | Warfarini | Apiksabani |
|---|---|---|
| Kuvuja ndani ya fuvu | Zaidi | Chini ya nusu ya warfarini |
| Vipimo | INR mara kwa mara | Figo na wingi wa damu, angalau mara moja kwa mwaka |
| Ukisahau tembe | Nguvu hubaki siku kadhaa | Kinga hupungua ndani ya siku moja |
| Ikitakiwa kuondolewa haraka | Vitamini K na plazima, hospitali nyingi zinazo | Dawa maalumu ni ghali na adimu |
| Bei ya tembe | Ndogo | Mara kadhaa zaidi |

Safu ya bei inadanganya kidogo. Tembe za warfarini ni rahisi, lakini ongeza nauli ya boti, kipimo, na siku ya mtu wa kumsindikiza mzee. Kwa anayeishi karibu na hospitali ya Malindi nauli hiyo ni ndogo na warfarini inabaki nafuu kweli. Kwa mtu wa Kiunga hesabu inaweza kugeuka. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi la apiksabani kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, ila kuwemo kwenye orodha na kuwemo kwenye rafu ya duka la karibu ni mambo mawili. Kabla ya kuhama, uliza kama duka lina akiba ya miezi mitatu. Warfarini ikikatika siku mbili, mwili una akiba. Apiksabani ikikatika siku mbili, mzee hana kinga yoyote.

Rivaroksabani ni ndugu wa apiksabani. Humezwa mara moja kwa siku pamoja na chakula kamili, la sivyo haifyonzwi vizuri. Wengine huipenda kwa Ramadhani, wanaimeza na futari. Lakini hata apiksabani inakwenda na mfungo bila shida: moja kwenye futari, moja kwenye daku. Mwachano hautakuwa saa 12 kamili na haidhuru.

Wasiohama

Kuna kundi ambalo ulinganisho huu wote hauwahusu. Mwenye valvu ya chuma moyoni abaki na warfarini. Dabigatrani, ndugu mwingine wa tembe hizi mpya, ilijaribiwa kwa wenye valvu hizo na utafiti ukasimamishwa kwa sababu wagonjwa walipata mabonge na kuvuja zaidi.

Vivyo hivyo mwenye valvu ya mitrali iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Tatizo hili kwetu si geni, na wengi wao ni kina mama wa umri wa kati. Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa wagonjwa wa moyo wa aina hiyo, ukilinganisha rivaroksabani na dawa za jamii ya warfarini. Waliopewa dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache zaidi. Kwa hiyo kabla kijana wa Mombasa hajatuma pesa za tembe mpya, mzee awe amefanyiwa picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Ya kwake ilionyesha valvu nzima, chumba cha juu kimepanuka tu. Anaweza kuhama.

Sasa ile 168

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo shilingi moja inafanya kazi ya nyingi.

Wajapani waliwafuatilia watu 4,009 wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wa warfarini na wa aspirini na mfano wake, wakiandika presha zao kila walipokuja kliniki. Matokeo yalitoka 2010. Waliokuja kuvuja damu ubongoni, presha zao zilikuwa zikipanda polepole kabla ya tukio, na mstari uliowatenga vizuri zaidi na wengine ulikuwa 130 kwa 81. Tazama namba hiyo tena. Watu wengi wa kwetu wakisoma 145 husema "leo nzuri". Kwa asiyetumia dawa hizi tungeweza kujadiliana. Kwa anayezitumia, 145 ni kazi haijaisha.

Utafiti mwingine, kwa watu waliowahi kupata kiharusi, ulionyesha upande wa faida. Miongoni mwa waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda, wengi wao aspirini, kushusha presha kwa kama pointi 9 za juu na 4 za chini kulipunguza kuvuja damu ubongoni kwa karibu nusu. Pointi tisa tu. Mzee wetu anahitaji kushuka karibu 40.

Basi weka maamuzi mawili kando kwa kando. Kuhama kutoka warfarini kwenda apiksabani kunapunguza hatari ya ubongo zaidi ya nusu, kunagharimu pesa nyingi kila mwezi, na hakugusi presha. Kuongeza dawa ya pili ya presha kunaweza kupunguza kwa kiasi kinachokaribia hicho, kunagharimu kidogo, kunafaa hata kwa asiyeweza kuhama, na juu yake kunapunguza kiharusi cha bonge na kuchoka kwa figo. Kama familia ina pesa za jambo moja mwezi huu, mimi naanza na presha. Kama ina za mawili, yafanywe yote, maana moja halichukui nafasi ya jingine.

Na kabla ya dawa ya pili, nilimuuliza binti mzee anatumia nini kingine. Akatoa kipande cha tembe kwenye kitambaa: diklofenaki, ya magoti, anameza karibu kila siku. Hiyo peke yake inabana figo zisitoe chumvi na maji, presha inapanda, dawa za presha zinashindwa kazi, na tumbo linaweza kuanza kuvuja damu. Kwa mtu wa warfarini au apiksabani ni dawa ya kuondoa nyumbani kabisa, pamoja na ibuprofeni. Mahali pake parasetamoli, nayo kwa kiasi: mtu wa warfarini akimeza gramu 2 au zaidi kila siku kwa siku kadhaa, INR hupanda, kwa hiyo apimwe mapema.

Kisha chumvi. Ng'onda na papa mkavu vimelala kwenye chumvi kabla ya kufika sokoni, na kuviloweka usiku kucha na kumwaga maji kunasaidia bila kumaliza tatizo. Achari vivyo hivyo. Mzee hatafuni muguka, lakini wengi wa rika la watoto wake wanatafuna, na hao wajue kwamba miraa na muguka hupandisha presha na mapigo kwa saa kadhaa kila mara. Mwenye moyo unaopiga ovyo hana nafasi ya kuvitafuna.

Kupima nako kuna namna yake. Mashine za mkono huhesabu kwa kufuata mapigo yanayofanana, na moyo wa mzee huyu haufanani hata mapigo mawili. Kipimo kimoja kinaweza kusoma 150, kinachofuata 174. Kwa hiyo apime mara tatu, akiachia dakika moja kati yake, na achukue wastani. Aketi dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya kanzu, na kahawa chungu isubiri nusu saa. Asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa wiki moja, kwenye daftari. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha kliniki alichopimwa akiwa amepanda ngazi za gati mbio.

Jinsi kesi ilivyopangwa

INR zake za miezi ya karibuni zilikuwa 1.6, 3.8, 2.4 na 4.6. Ile ya mwisho ilitokea baada ya septrini. Zilizo ndani ya kiwango ni moja kati ya nne, na warfarini inayoyumba hivyo ina ubaya wa pande zote mbili: siku za 1.6 bonge linaweza kutoka, siku za 4.6 ufa hauzibi. Angekuwa ametulia kati ya 2 na 3 kwa zaidi ya theluthi mbili ya muda, nisingekuwa na haraka ya kumhamisha.

Daktari alianza na presha siku ile ile. Badala ya kuikuza amlodipini hadi 10, ambayo mara nyingi huvimbisha miguu na mtu akaiacha kimyakimya, aliongeza losartani miligramu 50. Baada ya wiki mbili kreatinini na potasiamu zilirudiwa kupimwa, kwa sababu losartani inaweza kuzigusa zote mbili, hasa kwa figo za mzee. Diklofenaki ikaondoka. Wastani wa daftari ukashuka hadi 146 kwa 84. Losartani ikapandishwa 100, na baadaye ikaongezwa hidroklorothiazidi ya miligramu 12.5. Ikafika 128 kwa 76. Kushuka kulichukua wiki nyingi, na ndivyo inavyofaa: mzee akishushwa ghafla hupata kizunguzungu akisimama, akaanguka, na kuanguka kwa mtu wa dawa hizi ni njia nyingine ya damu kuingia kichwani.

Kuhama nako kuna utaratibu. Tembe mbili hazimezwi pamoja hata siku moja. Warfarini iliachwa, INR ikapimwa baada ya siku tatu, na ilipokuwa chini ya 2 ndipo apiksabani ya kwanza ilipomezwa. Katika siku zile za katikati mzee hakuwa bila kinga, kwa sababu warfarini inaondoka polepole. Tembe zilizobaki za warfarini binti alizirudisha kwenye famasia, maana nimewahi kuona boksi la zamani likirudi kazini boksi jipya lilipoisha.

Naye mzee akauliza, "Na nikiamua kuacha zote, si damu haitavuja?" Nikamjibu kwamba presha ya 168 inavujisha hata bila tembe, na moyo wake ungeendelea kutengeneza mabonge. Angepunguza nusu ya hatari moja na kuikaribisha nyingine nzima.

Ikitokea

Maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, kutapika, mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kuvurugika, au usingizi usio wa kawaida: mtu wa dawa hizi aondolewe nyumbani dakika ile ile. Kwa macho hakuna anayeweza kusema kama ni bonge au ni damu inayovuja; picha ya kichwa ya CT ndiyo inayosema. Kwa hiyo asipewe aspirini, asipewe tembe ya ziada ya presha chini ya ulimi, asisuguliwe wala kusubiriwa mpaka alfajiri. Kwa Lamu, simu ipigwe hospitali kabla boti haijaondoka, ili swali la picha na rufaa lianze kushughulikiwa mgonjwa akiwa bado majini.

Hapa warfarini ina jambo lake zuri. Sindano ya vitamini K inaweza kuchomwa katika hospitali ya kawaida, ingawa huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na plazima huongezwa ili kuziba pengo. Kwa apiksabani mara nyingi madaktari hutegemea muda, kwa sababu nguvu yake hupungua kwa karibu nusu kila saa 12, huku wakishusha presha kwa uangalifu ili bonge lisiendelee kukua. Wakitaka kujua wako wapi katika saa hizo, watauliza maswali mawili kabla ya mengine yote: anameza dawa gani, na tembe ya mwisho aliimeza saa ngapi. Binti ameandika jina la dawa na kipimo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na chini yake kila siku hutia alama ya saa moja asubuhi na saa moja jioni.